"Usiloweshe kidonda": kisa cha mzazi aliyerudi siku ya 9

Alirudi Alhamisi asubuhi, amekaa upande kwenye kiti cha nyuma cha Noah, kitenge kimebanwa tumboni kwa mikono miwili. Mama mkwe alikuwa pembeni yake, amempakata mtoto. Ijumaa iliyotangulia, siku ya 3 tangu ajifungue kwa operesheni, tulikuwa tumempa ruhusa akitembea mwenyewe, hana homa, mshono mkavu. Maelezo ya kwenda nyumbani nilimpa mimi, na saini yangu ndiyo iko chini ya karatasi. Kwa hiyo nikichambua kisa hiki nachambua kwanza maneno yangu: yalivyotoka mdomoni wodini na yalivyofika milimani.

Mzazi ana miaka 22, mimba ya kwanza. Kwao ni upande wa Uporoto, kule kwenye viazi na pareto, ambako Julai baridi haikuachi hata ukikaa jikoni. Chupa ilipasuka nyumbani Jumatatu usiku. Alifika hospitali Jumanne mchana, njia ikafika sentimita 7 ikakwama, mapigo ya mtoto yakaanza kuyumba, na usiku ule akaingia thieta. Mtoto wa kiume, kilo 3.4, alilia mara moja. Mama alichomwa antibiotiki kabla ya kukatwa, kama inavyotakiwa. Lakini maji yalikuwa yameshatoka kwa zaidi ya saa 20, na alikuwa amepimwa njia mara nyingi. Mambo hayo mawili humuweka mzazi karibu zaidi na maambukizi ya mshono, na mtu aliyesoma faili lake kwa utulivu angejua huyu anahitaji maelezo ya ziada. Alipata yale yale ya kila mtu.

Ijumaa ile nilikuwa na watu 6 wa kuruhusu. Nilisimama kando ya kitanda nikasema kama ninavyosema siku zote: "Usiloweshe kidonda. Usifanye kazi ngumu. Ukiona usaha au homa, rudi. Dawa za maumivu ni hizi, za siku 5. Siku ya kurudi imeandikwa kwenye karatasi." Akaitikia, "Ndiyo, sista." Mama mkwe hakuwepo; alikuwa getini anatafuta usafiri.

Siku 6 za nyumbani

Haya nimeyapata kwa kuwauliza wote wawili polepole, baada ya mambo kutulia. Nilianza vibaya, kwa kuuliza "kwa nini hamkurudi mapema?", na bibi akanyamaza kabisa. Nilipobadilisha nikasema, "Bibi, nisimulie tangu mlipofika nyumbani," ndipo kisa kikatoka chote.

Jumamosi, siku ya 4 tangu operesheni, kukandwa kulianza. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa: maji yanachemshwa, taulo linachovywa, linakamuliwa, linabandikwa mwilini likiwa la moto ili damu iliyoganda itoke na mzazi apate nguvu. Bibi alijua kuna mshono, hivyo alikanda juu ya kitovu, miguu na mgongo. Plasta tuliyombandika wodini aliiacha pale pale, kwa kuwa sista amesema kidonda kisiloe. Maji ya taulo yalishuka yakaingia chini ya plasta upande wa kushoto na hayakuwa na pa kutokea. Juu yake akafungwa kitenge kwa nguvu ili tumbo lirudi. Mzazi mwenyewe hakuoga kiunoni siku zote hizo. Alijipangusa uso, kwapa na miguu tu.

Jumatatu plasta ilikuwa na unyevu na harufu kidogo. Wakasema ni jasho. Jumanne mzazi hakuweza kulalia ubavu wa kushoto, akawa anamnyonyesha mtoto kwa ziwa moja zaidi kuliko jingine. Jioni ile alimeza vidonge vya mwisho vya maumivu. Jumatano bibi alienda duka la dawa akanunua kapsuli za amoksilini. Chache alimpa ameze, moja aliifungua akanyunyiza unga wake pembeni mwa plasta. Usiku ule mzazi alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Bibi akaingiza jiko la mkaa chumbani, akasema Julai ya mwaka huu ina baridi mbaya. (Hili la jiko naliweka kando lakini silipiti: mkaa kwenye chumba kilichofungwa, na kichanga ndani, unaweza kuua nyumba nzima kabla ya asubuhi. Hewa yake haina harufu.)

Alhamisi alfajiri alikohoa, akasikia kitu cha moto kimemwagika tumboni. Kitenge kililoa maji ya rangi ya waridi, kama yale unayosuuzia nyama. Hapo ndipo mume alipopiga simu kutafuta gari.

Tulichokikuta

Joto 38.6, mapigo 112 kwa dakika. Ngozi juu ya kitovu ilikuwa nyekundu kutokana na maji ya moto, jambo lililotusumbua kidogo kujua wekundu wa kuungua unaishia wapi na wa maambukizi unaanzia wapi. Tukatumia kidole. Kuzunguka mshono ngozi ilikuwa ngumu, inang'aa, ya moto, na mzazi alishtuka ilipoguswa. Wekundu ulikuwa umetambaa upana wa vidole vitatu kutoka kwenye nyuzi. Kona ya kushoto ilikuwa imeachia kama sentimita 2, na baada ya yale maji ya waridi ukafuata usaha mzito wa kahawia.

Maji yale ya rangi ya nyama ndiyo yaliyomfanya daktari aharakishe. Yakitoka ghafla kwa wingi kwenye mshono wa tumbo, yanaweza kuwa dalili kwamba utando mgumu wa chini, ule unaoshikilia tumbo lisifunguke, umeachia. Ngozi inaweza kuwa bado imefungwa vizuri kwa juu huku ndani pameshafumuka, na kikohozi kimoja kikatoa utumbo nje. Kwa bahati, alipotoa nyuzi na kupapasa ndani, utando ulikuwa mzima. Tumbo lilikuwa laini, mji wa mimba haukuuma ulipobonyezwa, na damu ya uzazi haikuwa na harufu. Maambukizi yalikuwa ya ngozi na mafuta ya chini yake, hayakwenda mbali zaidi.

Tiba yake inajulikana, nitaipita haraka: jeraha likafunguliwa, likaoshwa kwa maji ya chumvi ya dripu, likajazwa gozi na kubadilishwa mara mbili kwa siku, na akaanza antibiotiki ya mshipa. Mtoto aliendelea kunyonya muda wote. Siku ya 6 ya kusafisha, nyama ilikuwa nyekundu safi na haitoi usaha, daktari akashona upya. Ninachotaka watu wakiangalie ni kapsuli za Jumatano. Usaha uliokaa kwenye mfuko chini ya ngozi haumalizwi na vidonge. Unahitaji njia ya kutokea. Na unga ulionyunyizwa ulitengeneza gamba lililoziba hata kile kitundu kidogo kilichokuwapo.

Maneno yangu yalivyosikika

"Usiloweshe kidonda." Nilimaanisha asikae kwenye beseni na asiache kitambaa kibichi juu ya mshono. Yeye alisikia: maji yasiguse hapo kabisa, na plasta isitolewe. Ukweli ni kwamba kidonda cha operesheni kilichofungwa vizuri kinakuwa kimejifunga kwa juu baada ya siku 2 hivi. Tangu hapo plasta inaweza kutoka, na mzazi anapaswa kuoga kila siku. Maji safi na sabuni ya kawaida ya kuogea vipite juu ya mshono bila kusugua, kisha kitambaa safi cha pamba kibonyezwe juu yake mpaka pakauke. Kitambaa kile kiwe cha kidonda peke yake, kifuliwe na kuanikwa juani, kisikaushwe juu ya moshi wa jikoni. Kwa mwenye tumbo lililokunjika juu ya mshono, kama wengi wetu baada ya kujifungua, mtu ainue lile kunjo kwa mkono mmoja na kukausha chini yake, maana hapo ndipo jasho linapolala. Mikono inaoshwa kabla, siyo baada tu.

Hakipakwi kitu. Nasema hivyo hivyo na kuvitaja kimoja kimoja, kwa sababu ukisema "usipake dawa za kienyeji" mtu anajua hujamaanisha kapsuli. Kwa hiyo: spiriti hapana, majivu hapana, mafuta hapana, dawa ya meno hapana, unga wa kapsuli hapana.

"Ukiona usaha." Neno hili lilitugharimu siku 3. Bibi alikuwa anausubiri usaha anaoujua yeye, mweupe mzito kama wa jipu. Unyevu wa Jumatatu haukuwa hivyo, na maji ya waridi hayakuwa hivyo. Sasa nasema: mshono wako ukishakauka, chochote kitakachoulowesha kutoka ndani ni cha kurudia hospitali siku hiyo hiyo, kiwe cheupe, cha njano, cha damu au maji matupu, kinuke kisinuke. Na yakitoka maji ya rangi ya nyama iliyosuuzwa, kwa wingi, usisubiri hata chai. Lala chali, kunja magoti, funika kwa kitambaa safi, atafutwe usafiri. Ikitokea utumbo umeonekana, usirudishwe kwa mkono. Kitambaa safi kiloweshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kiwekwe juu, na mama asile wala asinywe njiani, kwa sababu anakwenda thieta.

Kuna jambo jingine hapo kwenye "ukiona". Mshono wa chini ya kitovu mwenyewe hauoni. Tumbo limeuficha. Mzazi huyu hakuwa amekiona kidonda chake hata siku moja tangu akatwe. Nyumba nyingi zina kioo kidogo cha kunyolea ndevu, kinatosha. Wodini sasa mzazi anajitazama kwa kioo kabla hajaondoka, ili ajue mshono wake ukiwa mzima unafananaje. Anayesema "pamekuwa pekundu" lazima awe alipaona kabla hapajawa pekundu.

"Au homa." Nyumbani hakuna kipimajoto. Tena kule juu mwezi wa Julai kila mtu anatetemeka, hivyo kutetemeka hakumwambii mtu kitu. Namna ninayoitumia sasa ni hii: ukitetemeka ukiwa umeshajifunika na umeshakaa karibu na moto, na wenzako wa chumba kile kile hawatetemeki, hiyo si baridi ya Uporoto. Rudi.

Zaidi ya hapo, zile dawa zetu za maumivu zinashusha homa. Tulimpa parasetamo za kumeza kila baada ya saa 8, na alizimeza kwa uaminifu. Inawezekana homa ilikuwepo tangu Jumatatu, imefunikwa. Ndiyo maana usiku wa kwanza wa kutetemeka ukawa baada ya kidonge cha mwisho. Simwambii mtu aache dawa. Anayeumwa sana hainuki, na asiyeinuka damu inaweza kumganda miguuni. Namwambia afuate maumivu yenyewe. Maumivu ya operesheni hupungua siku hadi siku. Kama siku ya 5 au ya 6 inauma kuliko siku ya 4, na dawa unameza, hiyo ni dalili inayojitosheleza hata bila usaha na bila homa. Kwa mzazi huyu Jumanne, aliposhindwa kulalia ubavu, ndiyo ilikuwa siku ya kurudi.

"Siku ya kurudi imeandikwa." Nimeitafuta karatasi. Imeandikwa 1/52. Sisi tunajua ni wiki 1. Kwanza, mzazi hawezi kujua hilo. Pili, hata aliyemsomea alihesabu kuanzia siku ya ruhusa, ikaangukia Ijumaa, yaani siku ya 10 tangu operesheni. Nyuzi zake zilikuwa za kutolewa siku ya 7, Jumanne. Angekuja Jumanne tungekutana na unyevu, ugumu na maumivu, na pengine tungefungua kona tu badala ya mshono mzima. Sasa naandika kwa Kiswahili, siku na tarehe, halafu naiambatanisha na kitu wanachokijua: "Jumanne ijayo, siku ya mnada." Naandika pia kama nyuzi ni za kutolewa au zinayeyuka, kwa sababu zahanati zimewahi kuturudishia wazazi wenye nyuzi za kuyeyuka waliotafutiwa nyuzi zisizokuwepo.

"Usifanye kazi ngumu." Hii nayo haina maana yoyote kwa mtu ambaye kuchota maji haiiti kazi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Nasema: kwa wiki 6 usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako, na ukikohoa, ukicheka au ukiamka kitandani, kunja kanga uibonyeze juu ya mshono. Kutembea ndani na uani tembea kila siku, tangu siku ya kwanza.

Dalili ambazo hazipo kwenye mshono

Mzazi wa operesheni anaweza kufa na mshono mzuri kabisa, kwa hiyo mazungumzo hayaishii tumboni. Sizimwagi zote kwa pamoja. Nimeona mtu akipewa dalili 15 anakumbuka 2. Nazigawa kwa mwili, kuanzia kichwani kushuka chini, na namshika mzazi mahali penyewe ninapotaja.

Kichwa kikiuma sana kisitulie kwa dawa, macho yakiona ukungu au vimulimuli, au chembe ya moyo ikiuma, aende kupimwa presha saa ile ile, hata kama presha yake wakati wa ujauzito ilikuwa nzuri. Kifafa cha mimba kinaweza kuja baada ya kujifungua, na tunakiogopa mpaka wiki ya 6. Kifua kikibana au pumzi ikikata, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu kuliko mwenzake, hapo huenda damu imeganda, na inaweza kusafiri hadi mapafuni. Mguu huo usikandwe wala kusuguliwa. Tumbo likijaa, anatapika, upepo hautoki. Mkojo ukigoma au ukivuja bila yeye kutaka. Damu ya uzazi ikinuka. Damu ikijaza pedi nzima ndani ya saa 1, au yakitoka mabonge makubwa kama yai. Kwa wanaotumia vipande vya kanga, kipimo ni kile kile: kipande kilichokunjwa mara nne kikiloa chote ndani ya saa 1, ni dharura. Na mtoto asiyenyonya, aliye wa moto au wa baridi kuliko kawaida, anayepumua mbio, au ambaye kitovu chake kimezungukwa na wekundu, anarudi hata kama mama mzima.

Mume huandikiwa 115 kwenye simu yake kabla hajaondoka getini. Ni namba ya bure ya m-mama, ya kuomba usafiri wa dharura kwa wazazi na vichanga. Tunaihifadhi pale pale na anaisoma kwa sauti.

Jambo lililobadilika kuliko yote ni nani anaambiwa. Simpi tena mzazi maelezo peke yake. Atakayekanda, atakayefua na atakayetoa nauli wanakuwepo, hata tukisubiri nusu saa bibi arudi getini. Nikimaliza siulizi "mmeelewa?", maana jibu lake huku ni moja tu. Namwomba bibi: "Nisimulie utakavyomwogesha kesho." Anapokwama ndipo nilipokosea kueleza, narudia pale.

Bibi wa kisa hiki nilifanya naye hivyo siku ya ruhusa ya pili. Alisimulia yote, kioo, kitambaa cha juani, kanga ya kubonyeza, akataja Jumanne bila kusoma karatasi. Kisha akakaa kimya kidogo, akaniangalia.

"Sasa sista, kukanda ndiyo basi kabisa?"

Nikamwambia tumbo hapana, mpaka daktari aseme mshono umepona. Mgongo na mabega ruksa, maji yawe ya vuguvugu, na ajaribu kwanza kwa kiwiko chake mwenyewe. Miguu pia, ikiwa yote miwili iko sawa, haijavimba na haiumi.

"Basi inatosha," akasema, akachukua mfuko wa nguo za mtoto.